Vifaa vyote vya banda la chipsi vinauzwa kwa pamoja: 520,000, Tabata Segerea

Nahamia Morogoro, banda nimelifunga, kwa hiyo nauza vifaa vyote kwa mtu mmoja. Ni kabati la vioo la alumini, jiko la gesi la plati mbili pamoja na mtungi wa kilo 15, mpira na regulata, makarai mawili, chujio, upawa, vikaango viwili vya chipsi mayai, jiko la mkaa la mishikaki, meza moja na viti sita vya plastiki.

Ukinunua kimoja kimoja kwangu, kabati ni 220,000, jiko na mtungi wake 190,000, makarai 60,000, vikaango na vyombo vidogo 45,000, jiko la mishikaki 40,000, meza na viti 110,000. Jumla 665,000. Ukichukua vyote unalipa 520,000, yaani 145,000 inabaki mfukoni, na hiyo ni hela ya gunia la viazi na dumu la mafuta la kuanzia.

Lakini sio bei tu. Jiko nilichongesha Gerezani kwa kipimo cha karai kubwa. Fundi alichomelea vyuma vitatu juu ya plati, karai linakaa katikati na halichezi hata ukikoroga kwa nguvu. Karai lenyewe ni zito. Ukimwaga viazi vibichi mafuta hayapoi ghafla, chipsi zinatoka kavu, hazinywi mafuta. Ukilitenganisha na jiko hili, itabidi utafute fundi tena na umlipe. Halafu anayeanza huwa anapungukiwa na vitu vidogo: leo chujio, kesho regulata, na kila kimoja ni nauli ya Kariakoo. Hapa unaweka mafuta na viazi, jioni hiyo hiyo unauza.

Kasoro nazisema mapema: kioo cha kushoto cha kabati kina ufa chini kwenye kona. Nimekiziba kwa silikoni, hakitikisiki. Kiti kimoja kimepauka kwa jua. Gesi iliyomo ni kama nusu mtungi.

Njoo uone kuanzia saa kumi jioni. Tutawasha jiko mbele yako, tutapaka povu la sabuni kwenye mpira na regulata uone kama inavuja, ndipo ulipe, taslimu au kwa simu. Sipokei hela ya kushikia mzigo ambao hujauona.

Ukiwa Ilala au Temeke, kirikuu nalipia mimi. Kinondoni, Ubungo na Kigamboni tutachangia nusu kwa nusu. Maongezi yapo kidogo kwa anayechukua vyote. Anayetaka kabati peke yake au mtungi peke yake anisubiri hadi Jumapili. Ikifika hapo sijapata wa kuchukua vyote, nitaanza kuuza kimoja kimoja kwa bei nilizoandika hapo juu.