3.6 Uhalali na Uaminifu wa Hojaji ya Mazoea ya Kusoma

Hojaji ya utafiti huu iliwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kuhusu mazoea yao ya kusoma katika nyanja tatu: kupanga muda, kujifuatilia na kuomba msaada. Kila kauli ilihusu wiki mbili zilizopita na ilijibiwa kwa alama 1 hadi 5. Alama ya nyanja ni wastani wa kauli zake. Hatukuziunganisha nyanja tatu kuwa alama moja, kwa sababu data hazikuunga mkono hatua hiyo, kama inavyoelezwa hapa chini.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kauli 24. Wataalamu sita, wanne wa saikolojia ya elimu na wawili wa upimaji, walieleza kila mmoja kivyake, kwa alama 1 hadi 4, jinsi kila kauli inavyohusiana na nyanja yake. Fahirisi ya uhalali wa maudhui ilikuwa sehemu ya wataalamu waliotoa alama 3 au 4, na kiwango cha chini tulichokubali kilikuwa 0.78. Kauli tatu zilipata 0.67. Mbili ziliondolewa, moja iliandikwa upya na kupitiwa tena na wataalamu walewale. Kwa kauli 22 zilizobaki, wastani wa fahirisi ulikuwa 0.94.

Kauli hizo zilisomwa kisha na wanafunzi wanane ambao hawakushiriki utafiti mkuu, huku wakieleza kwa sauti walivyozielewa. Hatua hii ilitufunza zaidi ya fahirisi. Kauli “Ninapanga ratiba ya kusoma na kuifuata” iliwakwamisha waliopanga ratiba bila kuifuata, kwa kuwa iliuliza mambo mawili kwa pamoja. Ikabadilishwa kuwa “Ninafuata ratiba ya kusoma niliyoipanga.”

Muundo wa hojaji ulichunguzwa kwa uchanganuzi thibitishi wa vipengele, kwa data za washiriki 312 wa utafiti mkuu. Modeli ya nyanja tatu ililingana na data kwa kiasi cha kuridhisha: χ²(206) = 371.4; CFI = 0.93; RMSEA = 0.05. Modeli iliyozichukulia kauli zote kuwa za nyanja moja ililingana vibaya: χ²(209) = 812.6; CFI = 0.74; RMSEA = 0.10. Ndiyo maana alama zinaripotiwa kwa kila nyanja.

Washiriki 118 waliandika pia saa zao za kusoma kila siku kwa siku saba. Tulitarajia, kabla ya kuziona data, kwamba wenye alama za juu za kupanga muda wangesoma saa nyingi zaidi; uwiano ulikuwa r = 0.46 (kadirio la asilimia 95: 0.30 hadi 0.59). Saa hizo nazo ziliripotiwa na wanafunzi wenyewe, hivyo sehemu ya uwiano huu inaweza kutokana na namna moja ya kujieleza.

Ulinganifu wa kauli ndani ya nyanja ulikadiriwa kwa alfa ya Cronbach, kutokana na data za washiriki wote 312. Kupanga muda (kauli 8) kulipata 0.84 (0.81 hadi 0.87) na kujifuatilia (kauli 8) 0.81 (0.78 hadi 0.84). Kuomba msaada (kauli 6) kulipata 0.66 (0.60 hadi 0.71), chini ya 0.70 tuliyokusudia. Wastani wa uwiano kati ya kauli hizo sita ulikuwa 0.24. Tunadhani sababu ni kwamba baadhi zinahusu kumwendea mhadhiri na nyingine kumwuliza mwenzako, na mtu anaweza kufanya moja bila nyingine. Hatukuondoa kauli yoyote ili kuipandisha alfa, kwani nyanja ingebaki na nusu ya maana yake. Matokeo ya kuomba msaada yasomwe kwa makundi tu, si kwa kumpima mwanafunzi mmoja mmoja.

Uthabiti wa alama kwa muda ulipimwa kwa washiriki 52 waliojaza hojaji tena baada ya wiki mbili. Mgawo wa uwiano wa ndani ya tabaka, kwa makubaliano kamili, ulikuwa 0.79 (0.66 hadi 0.87) kwa kupanga muda, 0.76 (0.62 hadi 0.85) kwa kujifuatilia na 0.71 (0.54 hadi 0.82) kwa kuomba msaada. Kwa kuwa kila mara swali lilihusu wiki mbili tofauti, sehemu ya tofauti hiyo ni mabadiliko halisi ya mazoea, wala si kosa la upimaji pekee.

Ushahidi huu unahusu kutumia alama kueleza mazoea ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hatukuchunguza kama kauli zinafanya kazi sawa kwa wanawake na wanaume. Kwa hiyo sura ya matokeo hailinganishi wastani wa makundi hayo mawili.