Hotuba ya mkuu wa shule mstarini: kupiga picha swali

Walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, hamjambo? Mlioko mwisho sogeeni kivulini, jua la Mikindani halina subira na leo nina maneno kidogo.

Wiki iliyopita mwalimu wa hisabati aliniletea madaftari ya Kidato cha Pili. Swali lilikuwa hivi: bustani ya mstatili ina eneo la mita za mraba 54, na urefu wake umezidi upana kwa mita 3. Tafuta upana. Ukiuita upana x, unapata x² + 3x − 54 = 0, na x inakuwa 6 au −9. Sasa madaftari karibu yote ya mkondo mmoja yameandika: upana ni mita 6 au mita −9. Nani hapa ameshawahi kulima bustani yenye upana wa hasi tisa?

Majibu hayo mliyatoa kwenye simu, na simu haikukosea. Mlipiga picha mlinganyo, nayo ikatoa majibu yote mawili ya mlinganyo. Haikujua habari ya bustani, kwa sababu hamkuipiga picha habari ya bustani. Kurudi kwenye swali na kukataa ile −9 ilikuwa kazi yenu. Kisha mwalimu aliagiza mtafute vigawo, ninyi mkaleta kanuni ambayo hajaifundisha bado, na hatua zinafanana neno kwa neno. Mlidhani hataona?

Sikusimama hapa kuzipiga marufuku programu za simu kama Photomath, Google Lens na ndugu zao. Najua wengi wenu mnarudi jioni, mnaomba simu ya mama au ya kaka, bando lenyewe la kubana, na nyumbani hakuna wa kumuuliza swali la kemia. Zana inayokuonyesha hatua kwa hatua saa tatu usiku ni msaada mkubwa, na mimi nafurahi mnaupata. Ninachokataa ni kudesa jibu na kuweka jina lako juu yake.

Kwa hiyo tufanye hivi. Swali lijaribu kwanza kwa kalamu, hata kama utakwama mstari wa pili. Ukikwama ndipo upige picha, na utazame hatua ile tu iliyokukwamisha. Kabla ya kusoma hatua, hakiki kama simu imesoma sawa ulichoandika: mwandiko ukiwa mbaya, x² inaweza kusomeka 2x, na hapo utapewa jibu sahihi la swali ambalo hukuulizwa. Ukishaelewa, zima simu, funika daftari, ufanye upya. Halafu badilisha namba. Ile 54 ifanye 40, ile 3 ibaki, uone kama unafika upana wa 5 bila msaada. Ukishindwa, basi hujaelewa bado, njoo kwa mwalimu.

Pembeni ya swali andika, «Nilipiga picha hatua ya tatu.» Nimekubaliana na walimu wote: aliyeandika hivyo hatapunguziwa alama hata moja. Mwalimu anayataka maneno hayo, maana yanamwonyesha darasa limekwama wapi. Ila ukificha, utaitwa ubaoni ulitatue swali hilo hilo mbele ya wenzako.

Karatasi ya jaribio au ya mtihani haipigwi picha, iwe ya shule hii au ya jirani. Huko ni kupiga chabo, na Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya mdanganyifu. Kidato cha Nne, mnanisikia. Novemba mtaingia chumbani na kalamu na kichwa chenu.

Na usimpige picha mwenzako daftari lake bila ridhaa. Wapo pia wasio na simu nyumbani kabisa. Hao hawana upungufu wowote, na mwalimu wa taaluma atafungua maktaba Jumanne na Alhamisi hadi saa kumi jioni ili wapate vitabu na mtu wa kuwaelekeza.

Wengi wenu ni watoto wa wakulima wa korosho. Msimu ukifika, baba anarudi kutoka chama cha msingi na karatasi ya malipo: kilo, bei ya mnada, makato. Anakuita wewe msomi umkokotolee. Nataka ukae naye, umweleze kila kato limetoka wapi, na kama kuna namba isiyokaa sawa uione wewe mwenyewe kabla hajaweka sahihi.

Kidato cha Pili mkondo ule, zoezi la bustani mtalirudia leo kipindi cha tatu, kwa vigawo, simu zikiwa nyumbani. Mwalimu wa zamu, karibu na matangazo.