Shairi la Huduma ya Kwanza kwa Majeraha Madogo ya Moto

Wenzetu wa mitaani, somo tulikamilishe
la huduma ya nyumbani, Mbagala tulifikishe:
mafuta ya karaini yachomapo mama lishe,
kwanza, atoke motoni, karai tuliepushe.

Pili, maji ya bombani yaanze kutiririka
kwa dakika 20, pasipo kupumzika,
kwani joto la ngozini huchelewa kuondoka,
na huunguza kwa ndani moto umeshazimika.

Na maji yakishakata, jambo tusilolikosa,
ndoo na jagi tafuta, mwagia bila kugusa;
barafu ukiipata, iache, utamtesa,
kwani ngozi hujikuta imeumizwa kabisa.

Tatu, saa na bangili zivue akimwagiwa,
na pete, kwa kuwa mwili huvimba ukichelewa;
nguo igandayo mwili isije ikavuliwa,
ngozi nayo, tafadhali, yaweza kuambuliwa.

Dawa ya meno si dawa kwa ngozi ikiungua;
yai, asali, kahawa, majirani huchukua,
lakini vikitumiwa, kidonda hukichafua;
malengelenge, elewa, ni kosa kuyapasua.

Nne, tanda nailoni ya kufungia chakula,
au shashi ya dukani. Pamba usiiweke, la,
kwani nyuzi kidondani hung'ang'ania mahala;
parasetamo mwilini huyatuliza madhila.

Tano, kidonda kipana kuliko kiganja chake,
cha uso au cha mwana mdogo, usimuweke
nyumbani; haraka sana, hospitali ya Temeke;
cha umeme nacho, bwana, huficha madhara yake.