Risala ya Waamini ya Kumuaga Baba Paroko

Baba Paroko, tumsifu Yesu Kristo!

Sisi waamini wako, wazee kwa vijana, tumekusanyika kukuaga. Tunajua kwamba kanuni ya 1748 ya Sheria za Kanisa inamruhusu Askofu kumwomba paroko ahamie parokia nyingine, faida ya roho za watu ikidai hivyo. Ameomba, nawe umekubali. Tumeelewa. Ila kuelewa hakujakausha machozi, na wala hatuoni haya: Paulo alipowaaga wazee wa Efeso pale Mileto, nao walilia sana, wakamwangukia shingoni na kumbusu (Mdo 20:37).

Baba, wengine watakukumbuka kwa mahubiri. Yalikuwa mazuri, ingawa Dominika nyingine watoto walisinzia, na si watoto peke yao. Sisi tutakukumbuka zaidi kwa wagonjwa wetu. Ulipoitwa usiku kutoa Mpako, ulizima pikipiki mbali na nyumba ukaisukuma, ili mgonjwa asishtuke. Ukishampaka mafuta hukuwa na haraka ya kuondoka. Ulivuta kigoda, ukamsikiliza mgonjwa, kisha ukamsikiliza na yule anayemuuguza, ambaye kwa kawaida hakuna anayemuuliza amelala saa ngapi. Ndugu wawili wasiosemeshana walipatana kando ya kitanda cha mama yao kwa sababu uligoma kuondoka kabla hawajapeana mikono.

Kwenye jumuiya ndogo ndogo ulikaa mkekani kama sisi, ukamwachia mama mmoja asome Neno na kulifafanua, nawe ukamsikiliza. Leo jumuiya zina wasomaji ambao zamani walikuwa wakijificha nyuma ya mlango. Mapato na matumizi uliyabandika ubaoni kila mwezi, na manung'uniko ya fedha yakakosa pa kushika.

Paa la kigango halijakamilika. Tunajua linakusumbua, maana juzi tu ulikuwa unahesabu mabati badala ya kufunga mizigo. Mwachie katekista na kamati ya ujenzi. Paroko mpya tutampokea kwa mikono miwili, na tumekubaliana kwamba hatutamwambia kila asubuhi, "Baba aliyetangulia alikuwa anafanya hivi."

Pale tulipokukwaza, tunaomba utusamehe. Na huko uendako, Baba, ule kwa wakati. Mpishi wako ametutuma tuliseme hili hadharani kwa kuwa yeye humsikii.

Tunakuomba upokee kasula hii pamoja na stola yake, vilivyoshonwa na akina mama wa parokia. Tumechagua kijani, kwa kuwa ndiyo rangi utakayoivaa majuma mengi zaidi ya mwaka. Bahasha ni ya safari. Tafadhali usiitie kwenye mfuko wa ujenzi.

Sasa tunapiga magoti, Baba. Tubariki.

Ni sisi waamini wa parokia yako.
Imesomwa na Katibu wa Halmashauri ya Walei.