Zoezi la Kupima Uhakika: Sayansi na Teknolojia, Darasa la Saba

Muda: dakika 40. Tumia kalamu ya wino, kwa sababu namba ya uhakika ikishaandikwa haifutwi.

Mpendwa mwanafunzi, zoezi hili linakuuliza mambo mawili katika kila swali: unajua nini, na una hakika kiasi gani kwamba unajua. Jambo la pili hatulipimi mara kwa mara, ilhali ndilo linalomwangusha mwanafunzi hodari, maana mada anayoiona ngumu huirudia usiku na mchana, lakini ile anayodhani ameimaliza haifungui tena daftari lake.

Chora jedwali lenye safu nne: namba ya swali, uhakika, jibu na alama. Soma sentensi, kisha kabla ya kuandika jibu andika uhakika wako kwa namba 1, 2 au 3. Namba 1 maana yake unabahatisha au unasitasita. Namba 2 maana yake unaona jibu lako ni sahihi, ila usingeshangaa sana kukosa. Andika 3 pale tu unapoamini kwamba, katika maswali kumi ya namna hiyo, ungepata zaidi ya manane. Baada ya hapo andika K kwa kweli au S kwa si kweli.

Jibu sahihi hupata alama sawa na namba ya uhakika wake. Jibu lenye kosa halipunguzi kitu kwa namba 1, hupunguza alama 2 kwa namba 2, na hupunguza alama 6 kwa namba 3. Adhabu hiyo ni kubwa kwa makusudi. Chukua wanafunzi wawili ambao kila mmoja amepata maswali 9 kati ya 12. Wa kwanza ameandika 3 kila mahali: anapata 27, anakatwa 18, anabaki na 9. Wa pili ameandika 3 kwa maswali matano aliyoyajua barabara na 1 kwa saba yaliyomtia shaka, yakiwamo yote matatu aliyokosa, hivyo anapata 15 na 4, jumla 19. Wanajua kiasi kilekile cha sayansi, lakini mmoja wao anajua pia mipaka ya ujuzi wake.

Maswali

Mada ya kwanza: Dunia, jua na mwezi

1. Kiangazi na kipupwe hutokea kwa sababu dunia hulikaribia jua na kisha kwenda mbali nalo.
2. Mji ulio kwenye Ikweta, kama Nanyuki, hupata jua la utosini kabisa mara mbili tu kwa mwaka.
3. Mwezi huonekana mwembamba unapoandama kwa sababu kivuli cha dunia kimeufunika.

Mada ya pili: Umeme

4. Balbu mbili zikiunganishwa kwa mfululizo, ya kwanza hutumia sehemu ya mkondo na kuiachia ya pili mkondo mdogo zaidi.
5. Betri mbili za volti 1.5 zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 3.
6. Ndege anayetua kwenye waya mmoja wa umeme hadhuriki kwa sababu miguu yake haipitishi umeme.

Mada ya tatu: Mwili na magonjwa

7. Kati ya mbu wa anofelesi, jike pekee ndiye aenezaye malaria.
8. Damu iliyo ndani ya vena ni ya buluu hadi inapokutana na hewa.
9. Amoksilini huponya mafua ya kawaida.

Mada ya nne: Mimea

10. Sehemu kubwa ya uzito wa gogo kavu la mti imetoka kwenye udongo.
11. Mimea hupumua mchana na usiku.
12. Mbegu ya haragwe haiwezi kuota gizani.

Weka kalamu chini. Usisome majibu kabla namba zote 12 za uhakika hazijaandikwa.

Majibu na maelezo

1, S. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati ambapo Ulaya imo katika baridi kali. Sababu ya majira ni mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23.5, ambao huufanya upande mmoja uelekee jua kwa miezi kadhaa, kisha upande wa pili. 2, K. Hutokea mwezi wa Machi na Septemba. 3, S. Kivuli cha dunia huleta kupatwa kwa mwezi. Wakati wa hilali sehemu kubwa ya upande wa mwezi unaomulikwa na jua imetupa kisogo, nasi tunaona ukingo wake tu.

4, S. Mkondo ni uleule kila mahali katika sakiti ya mfululizo. Kinachotumika katika balbu ni nishati. Swali hili hudanganya wengi kwa sababu neno "kutumia umeme" tumelizoea nyumbani. 5, K. 6, S. Miguu ya ndege hupitisha umeme, lakini yote miwili iko kwenye waya mmoja wenye volti karibu sawa, hivyo hakuna kinachousukuma mkondo upite mwilini mwake. Wewe unayesimama ardhini huko katika hali hiyo hata kidogo: ukiona waya umeanguka, kaa mbali na umwite mtu mzima.

7, K. Jike huhitaji damu ili kukuza mayai yake. 8, S. Ni nyekundu iliyoiva. Ubuluu unaouona mkononi unatokana na jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi. 9, S. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na amoksilini hupambana na bakteria.

10, S. Hapa naomba tutulie kidogo. Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche wa mti kwenye chombo chenye udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, na udongo ulipungua gramu zisizofika 60. Yeye alihitimisha kwamba mti umetokana na maji peke yake, akakosea kwa uhakika kamili, maana hakujua kwamba kabonidayoksaidi ya hewani ndiyo inayojenga sehemu kubwa ya ubao. 11, K. Usanisinuru husimama usiku, kupumua hakusimami. 12, S. Inahitaji maji, hewa na joto la kadiri. Haragwe lililofunikwa udongoni halioni mwanga, na bado linaota.

Kuisoma karatasi yako

Acha jumla kwanza. Zungushia duara kila 3 iliyokosa, kisha tazama duara hizo zimeangukia mada gani. Mada yenye duara mbili au tatu ndiyo unayojiamini kupita kiasi, hata kama nyingine ina makosa mengi zaidi yenye namba 1, kwa kuwa makosa hayo umekwisha kuyashuku mwenyewe. Duara moja haitoshi kuhukumu, maana maswali matatu ni machache, lakini inatosha kukurudisha kwenye daftari. Ukikuta majibu mengi sahihi yenye namba 1, unaijua mada hiyo kuliko unavyodhani, na hilo nalo linifikie.

Kwa kila duara andika sentensi moja inayoeleza ulichokuwa ukiamini na mahali ulipokipata, iwe nyumbani, kwa wenzako au katika maneno yangu darasani. Nikusanyie karatasi kesho kabla ya kengele ya kwanza. Siku ya Ijumaa kila mmoja atapewa maswali mapya sita ya mada yake yenye duara nyingi, kwa utaratibu huuhuu wa uhakika kwanza, jibu baadaye.