Ombi la Cheti Mbadala cha Kidato cha Nne, Namba ya Mtihani S5987/0047/2012

Magdalena Petro Sulle,
Kitongoji cha Jorodom,
S.L.P. 417,
Katesh, Hanang,
MANYARA.

14 Machi 2024

Katibu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Tanzania,
S.L.P. 2624,
DAR ES SALAAM.

Ndugu,

YAH: OMBI LA CHETI MBADALA CHA MTIHANI WA KIDATO CHA NNE (CSEE) 2012, KUFUATIA KUPOTEA KWA CHETI HALISI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mtahiniwa wa zamani wa Baraza lako. Nilifanya Mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Oktoba 2012 nikiwa mwanafunzi wa shule ya kata wilayani Mbulu, kituo namba S5987, kwa namba ya mtihani S5987/0047. Naomba nipatiwe cheti mbadala, kwa kuwa cheti changu halisi kilipotea katika maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoikumba Katesh asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Jorodom. Usiku ule nililala kwa wazazi wangu Dongobesh, na ndiyo sababu nipo hai kuandika barua hii. Nilirudi Katesh Jumanne. Ukuta wa nyuma wa chumba ulikuwa umeondoka, tope limefika usawa wa dirisha, na ndani kilichobaki ni fremu ya kitanda na sufuria mbili. Cheti kilikuwa kwenye tranka la bati la kijani nililotoka nalo bweni, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki ya mtoto. Vijana wa kitongoji walinisaidia kuchimba, na baadaye nilipita mahali ambapo vitu vilivyookotwa vilikuwa vikikusanywa. Tranka halikuonekana. Cheti cha kuzaliwa nimekwisha kupatiwa kingine na RITA, na nakala yake ipo humu.

Nataja tranka kwa sababu maalumu. Cheti hakikuungua wala kuchanika mbele ya macho yangu, hivyo siwezi kuliambia Baraza kwamba kimeharibika kabisa. Kilisombwa kikiwa ndani ya chombo kinachofungwa kwa kufuli, na inawezekana siku moja mtu akakiokota bondeni. Ndiyo maana nimetoa taarifa polisi kuwa kimepotea, nikatangaza gazetini, na kuapa kwamba kikipatikana nitakirejesha kwenu. Nitashukuru pia iwapo Baraza litaweka alama katika kumbukumbu zake ili mtu mwingine akikitumia ajulikane.

Taarifa nilitoa Kituo cha Polisi Katesh tarehe 8 Januari 2024, ikaandikwa kwa kumbukumbu KAT/RB/112/2024. Kuchelewa kwa mwezi mmoja kumetokana na hali ya mji wenyewe. Wiki za mwanzo tulikuwa tukizika na kutafuta pa kulala, na askari walikuwa na kazi kubwa kuliko vyeti.

Yapo mambo mawili ambayo afisa atakayeshughulikia faili hili atakutana nayo, na ni afadhali ayasikie kutoka kwangu kabla hayajamtia shaka.

La kwanza ni matokeo. Barua ya Mkuu wa Shule niliyoambatisha inasema nilipata Daraja la Nne, pointi 27. Nakala ya cheti, nayo nimeiambatisha, inaonyesha Daraja la Tatu, pointi 24. Hakuna hata moja iliyoghushiwa. Kama Baraza linavyofahamu, matokeo ya mwaka 2012 yalitangazwa mara mbili: kwanza Februari 2013, kisha Serikali ikayafuta, yakapangwa upya na kutolewa tena mwishoni mwa Mei 2013. Faili la shule lina karatasi iliyobandikwa ubaoni mwezi Februari, na hiyo ndiyo Mkuu wa Shule wa sasa, ambaye hakuwapo wakati ule, aliyoisoma alipokuwa akiniandikia. Matokeo ya Mei yalinipandisha alama moja katika kila somo kati ya haya matatu: Kiingereza kutoka D hadi C, Jiografia kutoka F hadi D, na Baiolojia kutoka F hadi D. Mengine hayakubadilika: Kiswahili B, Uraia C, Historia C, Kemia F na Hisabati F. Cheti nilichokabidhiwa kilifuata matokeo ya Mei, na kwa cheti hicho ndipo nilipokubaliwa kusoma Astashahada ya Maendeleo ya Jamii. Naomba cheti mbadala kitolewe kwa matokeo hayo ya mwisho yaliyomo katika kumbukumbu zenu, wala si kwa karatasi ya shule. Nilifikiria kumrudia Mkuu wa Shule aandike barua nyingine, lakini niliona si haki kumtaka athibitishe jambo ambalo faili lake halina. Aliandika alichokiona.

La pili ni majina. Shuleni niliandikishwa Magdalena Petro, na hivyo ndivyo cheti kilivyosomeka. Kitambulisho cha Taifa kina majina matatu, Magdalena Petro Sulle, kwa kuwa wakati wa kuandikishwa NIDA jina la ukoo lilitakiwa. Siombi cheti kibadilishwe jina. Naomba kitoke kama kilivyokuwa, Magdalena Petro, na hati ya kiapo inathibitisha kuwa majina yote ni ya mtu mmoja.

Kuhusu nakala ya cheti, naomba radhi kwa ubora wake. Ilitolewa mwaka 2019 kwa ajili ya faili langu la ajira, na imepona kwa sababu ilikuwa kabatini ofisini. Picha yangu imetoka nyeusi, na mhuri wa wakili umezikalia tarakimu za mwanzo za namba ya cheti, hivyo zinazosomeka ni 4 za mwisho tu, 0386. Jina, namba ya mtihani na alama za masomo vinasomeka vyote. Nimeambatisha pia picha mbili za pasipoti za karibuni, zenye jina na namba ya mtihani nyuma, mpate kulinganisha na picha mliyonayo.

Pamoja na hizo nimeambatisha taarifa ya upotevu ya polisi yenye mhuri wa kituo, hati ya kiapo, ukurasa mzima wa gazeti lenye tangazo la kupotea kwa cheti (tangazo lenyewe nimelizungushia wino mwekundu), barua ya Afisa Mtendaji inayothibitisha kuwa nilikuwa mkazi wa nyumba iliyosombwa, nakala ya kitambulisho cha Taifa, fomu ya maombi niliyoijaza, na stakabadhi ya ada niliyolipa kwa namba ya kumbukumbu niliyopewa na mfumo wenu. Namba yangu ya simu ni ileile iliyo kwenye fomu.

Cheti nakihitaji kwa sababu nakusudia kuomba Stashahada dirisha la udahili litakapofunguliwa mwaka huu, na chuo nilichouliza kinataka kuona cheti halisi cha Kidato cha Nne siku ya kuripoti, si nakala. Endapo uchunguzi wa ombi hili utachukua muda mrefu, naomba kwa sasa Baraza linipatie uthibitisho wa matokeo utakaotumwa moja kwa moja chuoni; nitaleta anwani ya chuo na kulipia huduma hiyo mara nitakapoelekezwa. Cheti kikiwa tayari nitakifuata mwenyewe katika ofisi ya Baraza mtakayoitaja. Nisingependa kitumwe kwa posta, kwani hadi leo sina makazi ya kudumu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

(saini)
Magdalena Petro Sulle

Nakala: Mkuu wa Kituo cha Polisi, Katesh

KIAMBATISHO: HATI YA KIAPO

JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA

SHERIA YA VIAPO NA MATAMKO YA KISHERIA, SURA YA 34

HATI YA KIAPO KUHUSU KUPOTEA KWA CHETI NA UTHIBITISHO WA MAJINA

Mimi, MAGDALENA PETRO SULLE, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Jorodom, Katesh, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, naapa na kueleza kama ifuatavyo:

1. Kwamba mimi ni raia wa Tanzania na ndiye mmiliki halali wa cheti cha Mtihani wa Kidato cha Nne cha mwaka 2012 kilichotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa jina la Magdalena Petro, namba ya mtihani S5987/0047.

2. Kwamba tarehe 3 Desemba 2023 nyumba niliyokuwa nimepanga Jorodom ilibomolewa na maporomoko ya tope, na cheti hicho kilisombwa kikiwa ndani ya tranka.

3. Kwamba nimekitafuta cheti hicho na sikukipata, na nimetoa taarifa ya kupotea kwake katika Kituo cha Polisi Katesh, kumbukumbu KAT/RB/112/2024 ya tarehe 8 Januari 2024.

4. Kwamba cheti hicho sijakiuza, sijamwazima wala kumpa mtu yeyote, sijakiweka rehani, na hakishikiliwi na mwajiri, chuo, mahakama wala taasisi ya mikopo.

5. Kwamba majina MAGDALENA PETRO yaliyo kwenye cheti na MAGDALENA PETRO SULLE yaliyo kwenye kitambulisho changu cha Taifa ni ya mtu mmoja, ambaye ni mimi.

6. Kwamba cheti halisi kikipatikana wakati wowote baada ya kupewa cheti mbadala, nitakirejesha Baraza la Mitihani la Tanzania bila kuchelewa, na sitakitumia.

7. Kwamba natambua kuwa kutoa maelezo ya uongo katika kiapo ni kosa la jinai.

UTHIBITISHO

Mimi, Magdalena Petro Sulle, nathibitisha kuwa yote niliyoyaeleza katika aya ya 1 hadi ya 7 ni ya kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu.

Yamethibitishwa hapa Katesh leo, tarehe 19 Februari 2024.

(saini ya mwapaji)
Magdalena Petro Sulle

Kiapo hiki kimeapwa na kutiwa saini hapa Katesh na Magdalena Petro Sulle, aliyejitambulisha kwangu kwa kitambulisho chake cha Taifa, mbele yangu leo, tarehe 19 Februari 2024.

(saini na mhuri)
Wakili na Kamishna wa Viapo