Ujumbe kwa mwenzangu wa kazi: usafiri wa leo usiku

Kaka, asante kwa kujitolea kunifikisha Mamboleo, na kwa kile chumba cha wageni huko Milimani. Sitapanda gari lako wala kulala kwako. Narudi kwangu kwa mpango wangu, na ukiniuliza tena jibu ni hilohilo.

Nimeshaongea na dereva wa teksi ninayemjua. Atanichukua saa nne na nusu, hapa getini penye taa, si kule stejini gizani. Namba ya gari anayo dada yangu, na safari ataifuata kwenye simu. Dereva akichelewa nitangoja ndani na askari. Kuna dereva wa pili nimemwomba akae chonjo.

Kwa hivyo usinisubiri. Kreti za soda bado hazijahesabiwa, tumalizie kesho saa mbili asubuhi.